Kurudishia Mbegu: Chanjo ya Surua Ikisimuliwa Redioni

Aya niliyopewa na daktari ilikuwa fupi na haikuwa na kosa hata moja. Ilisema hivi: "Chanjo ya surua na rubela ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Baada ya kudungwa chini ya ngozi, virusi hivyo huongezeka kwa kiwango kidogo na kuchochea mfumo wa kinga utengeneze kingamwili na seli za kumbukumbu. Kwa mtoto wa miezi 9, kingamwili zilizotoka kwa mama kupitia kondo la nyuma zinaweza kuzuia mwitikio huo. Kwa sababu hiyo takriban asilimia 15 ya watoto hawapati kinga baada ya dozi ya kwanza, na dozi ya pili hutolewa wakiwa na umri wa miezi 18."

Kazi yangu ilikuwa kuigeuza aya hiyo iwe mazungumzo ya dakika 10 kwenye redio ya jamii wilayani Mbozi, mkoani Songwe. Kwa mwendo wa mtangazaji asiye na haraka, dakika 10 ni maneno 1,100 hivi. Nafasi ilikuwapo ya kutosha, lakini msikilizaji wa redio hana ukurasa wa kurudia. Anapukuchua mahindi, anamwogesha mtoto, au amefungua redio habari ikiwa imefika katikati. Neno likimpita, limempita.

Nilianza kwa kumuuliza sista wa kliniki ni jambo gani hasa anataka litoke. Alinijibu bila kusita: kina mama wanakuja miezi 9, halafu hawaonekani tena. Miezi 18 ikifika, mtoto anatembea, anakula ugali, ana afya, na mama yuko shambani. Tena nyumbani kuna bibi ambaye anasema, kwa haki kabisa, kwamba watoto wake walimaliza chanjo kwa surua ya miezi 9. Hakukosea. Kwa miaka mingi nchini Tanzania hiyo ndiyo ilikuwa sindano ya mwisho ya utotoni. Dozi ya pili ya miezi 18 iliingizwa kwenye ratiba mwaka 2014. Kwa hiyo swali la msikilizaji halikuwa "chanjo hufanyaje kazi?" Swali lake lilikuwa "kwa nini nirudi wakati alishachomwa?" Nikaamua kwamba kila sentensi ya mazungumzo yale ijibu swali hilo, na isiyolijibu ikae pembeni hata kama ni ya kweli na inapendeza.

Jibu jepesi lipo, nalo nimelisikia mara nyingi: dozi ya pili inaongeza nguvu. Linatamkika vizuri, halimchoshi mtu, na kwa baadhi ya chanjo ni sahihi. Ile sindano ya mapajani ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hujenga kinga hatua kwa hatua, kila dozi ikikazia ile iliyotangulia. Kwa surua mambo hayako hivyo. Mtoto ambaye mwili wake uliipokea dozi ya kwanza anapata kinga kamili, na kwa walio wengi kinga hiyo hudumu maisha yote. Dozi ya pili inamtafuta yule ambaye ya kwanza haikumshika. Mama akiambiwa kwamba ya pili ni ya kuongeza nguvu, atapima kwa akili yake mwenyewe: mtoto ana nguvu tayari, mvua imeanza kunyesha, nauli ni kubwa, basi ile iliyopo inatosha. Atakuwa ameamua kwa busara juu ya habari isiyo sahihi. Ndiyo maana nilikataa kulitumia jibu hilo, ingawa lingenipunguzia kazi.

Kwa sababu hiyo hiyo niliwaacha askari. Vitabu vya shule na mabango ya afya yametuzoesha kusema kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili, na chanjo ni mazoezi yao. Ukishawaita askari, msikilizaji anaiendeleza hadithi mwenyewe: askari wanachoka, wanakufa, wanahitaji kuongezwa. Dozi ya pili inageuka kuwa askari wa ziada, na tumerudi pale pale kwenye kuongeza nguvu. Lipo pia jambo la adui. Kama chanjo ni adui aliyeingizwa kambini ili askari wajaribie bunduki zao, mama ana haki ya kuuliza kwa nini vita vipiganwe mwilini mwa mwanawe.

Nikaandika mambo kwa mpangilio yanavyotokea ndani ya mtoto, nikitaja sehemu ambazo mtu anaweza kuzigusa. Sindano inachomwa juu ya mkono, chini kidogo ya ngozi. Chembe za mwili zinazopita hapo zinakiokota kile kirusi na kukipeleka kwenye tezi zilizo karibu. Hapo nilikuwa na bahati, kwa sababu kila mtu anazijua tezi hizo hata kama hajui kwamba anazijua. Ukipata kidonda mkononi, kinavimba kitu kwapani. Ukiumia mguu, unavimba mtoki. Kwa hiyo mazungumzo yalisema: "Zile tezi zinazovimba kwapani au kwenye kinena unapokuwa na kidonda, ndiko mwili unakojifunzia ugonjwa. Humo zimo chembe nyingi, kila moja ina umbo lake. Kirusi kinapoletwa, kinapitishwa mbele yao mpaka zipatikane chache zinazokishika sawasawa. Hizo ndizo zinazoanza kuzaana." Halafu: "Baada ya wiki mbili hivi zinakuwa nyingi, nazo zinamimina kinga kwenye damu. Nyingi zitakufa baadaye, lakini baadhi zitabaki miaka na miaka. Siku surua ya kweli ikija, mwili haupotezi wiki mbili kujifunza. Unaijua."

Wiki hizo mbili nilizitaja makusudi. Surua inayoambukizwa huchukua siku 10 hadi 14 tangu iingie mpaka vipele vitokee, na mwili ambao haujajifunza unakuja kuamka wakati ugonjwa umeshaenea. Hilo linaeleza faida ya kujifunza mapema bila kuhitaji jeshi wala bunduki.

Sasa ikabaki sehemu ngumu: wale asilimia 15. Asilimia haisikiki vizuri redioni. Mtu aliyeisoma shuleni anaielewa kwa shida, na asiyeisoma anaisikia kama kelele. Niliishusha iwe benchi la kliniki. Watoto 20 wa miezi 9 wamekaa mapajani mwa mama zao. Wote wanachomwa chanjo ile ile, siku ile ile, na muuguzi yule yule. Watoto 17 miili yao inajifunza. Watoto 3 haijifunzi. Hesabu ni ile ile ya daktari, ila sasa ina watu ndani yake.

Nina desturi ya kumsomea mtu mazungumzo kabla hayajarekodiwa, na huwa simuulizi kama ameelewa, kwa sababu kwa adabu kila mtu atasema ameelewa. Ninamwomba anisimulie. Safari hiyo nilimsomea mama anayeuza maandazi karibu na lango letu. Alisikiliza hadi mwisho, akafunika ndoo yake, akasema, "Kwa hiyo, mwanangu, hao watatu ile ya kwanza inakuwa feki?"

Lilikuwa swali zuri kupita yote niliyopata juu ya mazungumzo yale. Namba ilikuwa imefika kabla ya sababu, na mtu anayesikia kwamba kitu kimeshindwa bila kuambiwa kwa nini, anatafuta sababu iliyo karibu naye: dawa imechakachuliwa, imeisha muda, nesi amefanya vibaya. Nikageuza mpangilio. Sababu ikatangulia, namba ikafuata.

Sababu yenyewe ni nzuri kuisimulia, kwa kuwa inaanzia kwa mama. Miezi ya mwisho ya ujauzito, mama anampitishia mtoto sehemu ya kinga yake kwa njia ya kondo la nyuma. Mtoto anazaliwa akiwa nayo kwenye damu, na kwa miezi ya mwanzo inamlinda. Lakini ni ya kuazima. Mwili wa mtoto haukuitengeneza, kwa hiyo hauwezi kuijaza inapopungua. Inaisha polepole, na kwa kila mtoto inaisha kwa wakati wake. Akipelekwa kliniki miezi 9, wengi wao imeshaisha. Wachache bado wanayo masalia. Kwa hao, chanjo ikiingia, kinga ya mama inakinasa kirusi cha chanjo na kukimaliza kabla hakijaongezeka vya kutosha kufundisha chochote. Chanjo ilikuwa nzima, nesi alifanya kazi yake, mtoto hana kasoro. Mama alimlinda mwanawe vizuri na kwa muda mrefu zaidi kuliko tulivyotarajia.

Sista aliposoma sehemu hiyo alinizuia. "Watasikia kinga ya mama inaharibu chanjo, wataacha kunyonyesha siku ya kliniki." Alikuwa sahihi, na ni hatari ambayo mtu wa maandishi asingeiona mpaka iwe imetokea. Ikabidi sentensi mbili ziongezwe, fupi na zisizo na mlango wa kutokea: "Kinga ninayoisema mtoto alizaliwa nayo, aliipata tumboni. Maziwa ya mama hayaizuii chanjo hii hata kidogo, mnyonyeshe kabla ya sindano, mnyonyeshe baada ya sindano." Tulizirudia mara nyingine mwishoni, kwa ajili ya waliochelewa kufungua redio.

Msikilizaji makini hapo atauliza: kama ni hivyo, kwa nini tusingoje mwaka utimie, kinga ya mama iishe kwa wote? Kuna nchi zinazofanya hivyo, na kwa mtoto aliyetimiza mwaka chanjo hii hushika zaidi. Lakini wanaoweza kungoja ni wale ambao surua haiwazungukii. Kwetu, mtoto ambaye kinga ya kuazima imemwishia akiwa na miezi 6 au 7 angekaa wazi miezi mingi, tena katika umri ambao surua inaua zaidi. Umri wa miezi 9 uliwekwa kama mahali pa katikati, na moja ya tafiti zilizousaidia ulimwengu kuamua hivyo ilifanywa kwa watoto wa Kenya na kuchapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1977. Mahali pa katikati pana gharama yake. Gharama hiyo ni wale watoto 3 wa kwenye benchi, na dozi ya pili ndiyo malipo yake.

Hapa ndipo nilipotumia mfano mmoja tu wa nyumbani katika mazungumzo yote, nao niliutoa shambani. Mbozi ni nchi ya mahindi. Kila mkulima anajua kwamba ukishapanda, ukangoja mbegu ziote, unarudi na kikapu chako mstari kwa mstari. Shimo lililoota unaliacha. Shimo tupu unalirudishia. Hakuna anayesema kurudishia ni kuongeza nguvu kwa mahindi yaliyoota, na hakuna anayesema mbegu zote zilikuwa mbovu kwa kuwa mashimo machache yamebaki wazi. Dozi ya miezi 18 ni kurudishia.

Mfano ukifaa, inabidi useme pia pale unapoishia, la sivyo msikilizaji atautembeza hadi mahali pabaya. Shambani unaliona shimo tupu. Mtoto ambaye chanjo haikumshika huwezi kumwona. Hana alama, hana dalili, anacheza na wenzake sawasawa. Kipimo cha damu cha kuonyesha kinga kipo, lakini kinahitaji maabara na kinagharimu kuliko chanjo yenyewe. Kwa hiyo tunarudishia kila shimo, lililoota na lisiloota, na kwa yule aliyekwisha kushika hakuna hasara. Mtangazaji wetu, ambaye ana shamba lake mwenyewe, alipofika hapo aliiacha karatasi na kusema kwa maneno yake: "Fikirieni mnarudishia usiku bila tochi." Niliyaingiza kwenye mazungumzo neno kwa neno.

Mama wa maandazi aliposikiliza mara ya pili, alisimulia hivi: mtoto anazaliwa na kinga ya mama yake, kwa wengine inachelewa kuisha, ikichelewa inaifukuza chanjo, na kwa kuwa hatujui ni nani, wote warudi. Hakutaja kirusi, wala tezi, wala benchi. Alikuwa amebeba kitu chenyewe.

Nilikuwa pia na hesabu moja ambayo sikutaka iachwe, kwa sababu inaeleza kwa nini surua inaweza kukaa kimya miaka halafu ikalipuka. Chukua kata ambayo wanazaliwa watoto 100 kwa mwaka. Kliniki inafanya kazi nzuri, watoto 95 wanachanjwa miezi 9. Kati ya hao chanjo inashika kwa 81. Waliobaki bila kinga ni 19: wale 5 ambao hawakuja, na 14 waliokuja haikuwashika. Mwaka huo hakuna kinachotokea, kwa sababu 19 ni wachache na wametawanyika. Mwaka unaofuata wanaongezeka 19 wengine. Baada ya miaka 5 wamefika 95, yaani karibu watoto wote wa mwaka mzima, kana kwamba kata hiyo ilifunga kliniki mwaka mmoja. Wakubwa miongoni mwao wanaanza kukusanyika madarasani. Mgonjwa mmoja wa surua, mahali ambapo hakuna mwenye kinga, anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18, na kirusi kinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya yeye kuondoka. Ndiyo maana wataalamu wanataka watoto 95 kati ya 100 wawe na dozi zote mbili. Dozi moja haiwezi kufika huko hata kama watoto wote 100 watachanjwa, maana itashika kwa 85 tu.

Redioni tuliisema kwa kata moja, mwaka baada ya mwaka, mtangazaji akiongeza 19 juu ya 19 na kunyamaza kidogo kila baada ya jumla. Mlolongo huo mrefu uliwezekana kwa kuwa ilikuwa namba ile ile ikirudi. Ningeweka pamoja na hiyo namba ya vifo, au ya dunia nzima, zote zingeanguka.

Baada ya mazungumzo tulifungua simu, na maswali mawili yaliyokuja ndiyo yanayokuja kila mahali.

La kwanza lilitoka kwa baba mmoja: kama kirusi ni hai, si mnampa mtoto surua? Nilikuwa nimeandaa jibu lenye historia, kwa kuwa watu wanaamini kitu chenye mahali kilipoanzia. Mwaka 1954, huko Marekani, watafiti John Enders na Thomas Peebles walikipata kirusi cha surua kutoka kwa mvulana wa shule aliyekuwa mgonjwa. Wakakiotesha maabara, wakakihamisha tena na tena, mwishoni kwenye seli za mimba ya kifaranga. Kila kizazi cha kirusi kilizoea zaidi kuishi humo, na kadiri kilivyozoea seli za kuku, ndivyo kilivyozidi kushindwa kusumbua mwili wa binadamu. Chanjo iliyotokana nacho iliidhinishwa mwaka 1963, na za leo nyingi zinatoka kwenye ukoo huo huo. Kwa hiyo ndiyo, ni hai, na lazima kiwe hai, kwani kinatakiwa kiongezeke kidogo ili mwili ujifunze. Baba alishukuru. Nadhani kilichomtuliza zaidi ni kwamba tulisema "ndiyo" kwanza. Tungeanza na "hapana, usiwe na wasiwasi," angejua tunakwepa. Tuliongeza kwamba ndiyo sababu mtoto ambaye kinga yake ya mwili imedhoofika sana, kwa mfano kwa ugonjwa mzito, lazima muuguzi aelezwe kabla ya kuchomwa.

Swali la pili lilikuwa la homa, na hapo mpangilio wa kueleza mambo kwa hatua ulitulipa. Kina mama wanaijua homa ya chanjo za wiki ya 6 na kuendelea: inakuja usiku ule ule au kesho yake. Ya surua ina tabia nyingine. Kwa kuwa kirusi kinahitaji muda wa kuongezeka, homa kwa watoto wachache hutokea siku ya 7 hadi ya 12, wengine na vipele vyepesi, na inaondoka yenyewe kwa siku moja au mbili. Mama asiyejua hili anaona mtoto mzima aliyechanjwa wiki iliyopita, leo ana homa na vipele, na anahitimisha kwamba ameambukizwa surua kliniki. Aliyesikia kwamba kirusi huchukua siku kadhaa kuongezeka anaipata sababu mwenyewe. Wengine waliuliza kinyume chake: wangu hakupata homa, basi haikushika? Hapana, walio wengi ambao inawashika hawapati chochote.

Sista aliingilia hapo, na nilifurahi kwamba aliingilia. Alisema mtoto mwenye homa aletwe apimwe malaria, awe amechanjwa juzi au hakuchanjwa kabisa. Maelezo mazuri ya chanjo yanaweza kumfanya mama akae nyumbani akisema "ni ile sindano," huku malaria inapanda. Nimelibeba hilo kwenye kila andiko la afya nililoandika tangu hapo: ukishampa mtu sababu ya dalili, mpe papo hapo na mpaka wa sababu hiyo.

Palikuwa na jambo ambalo daktari hakuliandika kabisa kwenye aya yake, na ambalo kina mama walilisema kwa uchungu: unatembea umbali wote ule, unafika, unaambiwa leo si siku ya surua. Chanjo hii huja ikiwa unga mkavu kwenye kichupa, na huyeyushwa kwa maji yake maalumu. Haina kemikali ya kuua vijidudu vinavyoweza kuingia kichupa kikishafunguliwa, kwa hiyo ikishayeyushwa ina saa 6 tu, tena ikikaa kwenye baridi na mbali na mwanga. Baada ya hapo kilichobaki kinatupwa. Kichupa mara nyingi ni cha watoto 10. Muuguzi aliye na mtoto mmoja mbele yake anaona dozi 9 zikienda kwenye taka, na anamwambia mama arudi. Mwongozo wa kimataifa unataka kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwani mtoto aliyerudishwa huenda asionekane tena. Nililiweka kwenye mazungumzo bila kumlaumu mtu, pamoja na maneno ambayo mama anaweza kuyasema kwa heshima: "Sista, nimetoka mbali, naomba uangalie kadi, mwanangu ametimiza mwaka na nusu." Tulisema mwaka na nusu, kwani hakuna mama anayehesabu miezi 18.

Simu ya mwisho ilikuwa ya bibi mmoja anayemlea mjukuu. Mtoto ana miaka mitatu, aliletwa kutoka mjini, kadi ilipotea, na mama yake hakumbuki kama alichomwa mara moja au mbili. Bibi aliogopa kumzidishia. Sista alimjibu kwa kitu kile kile tulichokuwa tumekieleza tangu mwanzo: "Bibi, kama mwili wake ulishajifunza, kinga yake itakinasa kirusi cha chanjo kabla hakijafanya lolote, kama ile ya mama yake ilivyoweza kufanya alipokuwa mchanga. Kama haukujifunza, utajifunza sasa. Mlete tu, na uniambie kwamba kadi imepotea, nitamwandikia nyingine." Bibi akauliza kliniki inafunguliwa saa ngapi.